Siagi ya Korosho: Kuingia Sokoni Sasa au Kujaribu Kwanza? Hesabu ya Mti wa Maamuzi

Kiwanda kidogo cha Mtwara kinachobangua korosho kimeamua kutengeneza siagi ya korosho ya kupaka mkate, chupa ya gramu 250. Tatizo si utengenezaji. Tatizo ni kwamba msimu wa minada huanza kwa kawaida Oktoba, na korosho ghafi hupatikana kwa bei nafuu katika miezi michache tu. Wakiingia sokoni Novemba watanunua malighafi kwa bei ya msimu, lakini watakuwa wameweka fedha zote kabla ya kujua kama watu watanunua. Wakijaribu soko kwanza watajua zaidi, lakini uzinduzi utafika Machi, na hapo malighafi itabidi inunuliwe kwa wenye maghala.

Hili ni swali ambalo mti wa maamuzi, yaani mchoro wa machaguo yako na matokeo yake, hulijibu vizuri, kwa sababu lina sehemu mbili zinazopingana: taarifa ina bei, na kuchelewa kuna bei. Hapa chini tunaipiga hesabu yote kwa mfano mmoja. Tarakimu za shilingi ni za mfano, ila zimepangwa kama zinavyopangwa katika kiwanda cha ukubwa huu, ili uweze kuweka za kwako mahali pake.

Chora kwanza, hesabu baadaye

Kaa na karatasi iliyolala, uanze kushoto. Mraba ni pale unapoamua wewe. Duara ni pale inapoamua bahati au soko. Mstari unaotoka kwenye mraba ni chaguo lako, mstari unaotoka kwenye duara ni tokeo, na kila tokeo linabeba uwezekano. Jumla ya uwezekano wa mistari yote ya duara moja lazima iwe 1. Mwisho wa kila tawi, kulia kabisa, andika fedha unazobaki nazo au unazopoteza.

Mraba wa kwanza wa mfano wetu una mistari mitatu: zindua sasa, jaribu kwanza, acha. Wengi husahau mstari wa tatu. Bila mstari wa "acha" mti utakuchagulia hasara ndogo kati ya hasara mbili na utadhani umepata ushauri mzuri. Thamani ya "acha" ni sifuri, kwa kuwa hutumii kitu na hupati kitu.

Baada ya jaribio huja duara (matokeo mazuri au mabaya), na baada ya kila tokeo huja mraba mwingine: zindua au acha. Mraba huo wa pili ndio unaoipa jaribio thamani. Kama tayari umeapa kuzindua hata matokeo yakiwa mabaya, usipoteze shilingi kwenye jaribio.

Fedha za mwisho wa matawi

Uzinduzi unahitaji milioni 60: mashine za kusaga na kujaza milioni 28, chupa na lebo zilizoagizwa kwa wingi milioni 14, matangazo na wauzaji wa mwanzo milioni 12, ukarabati na pango la kuanzia milioni 6.

Chupa moja inauzwa kwa duka shilingi 9,000. Gharama yake, yaani korosho, chupa, kusaga, usafiri na sehemu ya pango, ni 6,500. Kwa hiyo kila chupa inaacha 2,500. Hapa makosa ni mengi: watu huchukua bei ya rafuni na kusahau kwamba mwenye duka naye anakula, au huhesabu korosho ghafi kana kwamba kilo moja inatoa kilo moja ya korosho zilizobanguliwa. Kwa kawaida inahitajika kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi kupata kilo 1.

Soko likiwa zuri, maduka 100 yanauza chupa 25 kila moja kwa mwezi. Hizo ni chupa 2,500 kwa mwezi, na kwa miezi 24 ni chupa 60,000. Zidisha kwa 2,500, unapata milioni 150. Toa milioni 60 za kuanzia, zinabaki milioni 90.

Soko likiwa baya, zinatoka chupa 250 kwa mwezi, na baada ya miezi 8 mnafunga. Chupa 2,000 zimeacha milioni 5. Mashine inauzwa milioni 9, lakini pango lililobaki na kuwalipa watu kunakula milioni 4. Jumla iliyorudi ni milioni 10 dhidi ya 60, hasara ni milioni 50.

Kuzindua baada ya jaribio hubadilisha tawi moja zaidi ya mengine. Mpaka msimu mpya ufike, chupa 20,000 za miezi 8 ya kwanza zitatengenezwa kwa korosho za ghalani, na kila chupa itagharimu 500 zaidi. Hiyo ni milioni 10, kwa hiyo faida ya soko zuri inashuka kutoka milioni 90 hadi 80. Kwenye soko baya nyongeza ni milioni 1 tu, nasi tumeiacha ili hesabu isomeke kirahisi.

Gharama ambazo mmeshalipa, au mtalipa vyovyote vile, kama leseni ya alama ya ubora ya TBS, hazimo. Zikiingia kwenye tawi moja na kukosekana kwenye jingine, mti mzima unainama. Na jaribio lenyewe haliruki hatua hiyo, maana chupa inayouzwa dukani ni chupa ya chakula hata kama mnaiita jaribio.

Uwezekano wa soko kuwa zuri

Tulitumia asilimia 40. Namba kama hii haitoki hewani, lakini pia haiwezi kupimwa kwa rula. Njia inayofanya kazi ni kuwauliza watu watatu hadi watano wanaoujua mzunguko wa bidhaa za aina hii: mwenye duka la jumla, msambazaji wa karanga zilizosagwa, mtu wa viwanda vidogo wa SIDO. Waulize mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, kwa sababu wakikaa pamoja wa kwanza kusema ndiye atakayeweka namba ya wote.

Swali lisiwe "unaonaje biashara hii?" Weka mezani mfuko wenye korosho 100, 40 zimepakwa rangi nyekundu. Muulize: "Kama dau ni lilelile, ungependa kubetia kwamba utachomoa nyekundu, au kwamba siagi hii itafikisha chupa 2,500 kwa mwezi?" Akichagua siagi, ongeza nyekundu. Akichagua mfuko, punguza. Pale anaposhindwa kuchagua, hiyo ndiyo namba yake. Inachukua dakika tano, na inaondoa lile jibu la adabu la "inshallah itauzika".

Tofauti kati yao ni taarifa pia. Mmoja akisema 25 na mwingine 60, usichukue wastani na kuendelea. Waulize kila mmoja ameona nini. Mara nyingi mmoja anafikiria Mtwara na mwingine anafikiria Dar es Salaam.

Jaribio linaonyesha ukweli kwa kiasi gani

Jaribio ni wiki 8 katika maduka 10, chupa 800 zilizosagwa kwa mashine ya kukodi. Gharama ya chupa hizo ni milioni 6.4, wauzaji wawili kwa miezi miwili milioni 1.2, usafiri na nafasi ya rafuni milioni 1.6, lebo za muda na kurekodi mauzo milioni 1.2. Jumla milioni 10.4. Mauzo ya takribani chupa 490 yatarudisha milioni 4.4, kwa hiyo gharama halisi ni milioni 6.

Kabla ya chupa ya kwanza kuingia dukani andika kwenye karatasi, na wote waweke sahihi, nini kitaitwa matokeo mazuri. Hapa ni masharti mawili: kuanzia wiki ya 5 hadi ya 8 kila duka liuze wastani wa chupa 6 kwa wiki (ndiyo chupa 25 za mwezi), na wanunuzi 3 kati ya 10 warudi kununua mara ya pili. Wiki nne za kwanza hazihesabiwi katika sharti la kwanza, kwa sababu kila kitu kipya kinaonjwa mara moja. Mkisubiri mwisho wa jaribio ndipo muamue mpaka, mpaka utahamia pale mlipotaka uwe.

Sasa zile namba mbili zinazosumbua. Kama soko kweli ni zuri, jaribio litasema "zuri" mara ngapi? Tuweke mara 80 kati ya 100. Kama soko ni baya, litadanganya na kusema "zuri" mara ngapi? Tuweke 25 kati ya 100. Kuna njia rahisi ya kuzitumia bila kuingia kwenye kanuni za uwezekano: fikiria viwanda 100 kama hiki.

Kati ya 100, 40 wana soko zuri, 60 wana soko baya. Katika wale 40, jaribio linawapa "zuri" 32 na "baya" 8. Katika wale 60, linawapa "zuri" kwa makosa 15 na "baya" 45. Kwa hiyo "zuri" wapo 47, na kati yao walio na soko zuri kweli ni 32, yaani asilimia 68. "Baya" wapo 53, na waliokosewa ni 8, yaani asilimia 15.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuandika 0.80 kwenye tawi la uzinduzi baada ya matokeo mazuri. 80 ni swali la "soko zuri likiwapo, jaribio litaliona?" Kwenye tawi unahitaji swali la kinyume: "jaribio likisema zuri, soko ni zuri kweli?" Jibu lake ni 68. Ukikosea hapo, tawi zima la jaribio linaonekana tamu kuliko lilivyo.

Hesabu kutoka kulia kwenda kushoto

Kwenye kila duara zidisha fedha kwa uwezekano wake na ujumlishe. Hiyo ndiyo thamani tarajiwa ya fedha. Kwenye kila mraba chagua kubwa kuliko zote na ukate mistari mingine kwa vimstari viwili. Namba zote ni milioni za shilingi.

```
ZINDUA SASA
  zuri 0.40 x  90 =  36
  baya 0.60 x -50 = -30
  jumla           =   6

JARIBU KWANZA (gharama 6)
  matokeo mazuri (0.47)
    zindua: 0.68 x 80 + 0.32 x -50 = 38.5
    acha:   0
  matokeo mabaya (0.53)
    zindua: 0.15 x 80 + 0.85 x -50 = -30.4
    acha:   0
  0.47 x 38.5 + 0.53 x 0 - 6 = 12.1

ACHA = 0
```

Ukipiga kwa 0.68 na 0.15 zilizokatwa, desimali zitasogea kidogo. Hapa tumetumia 32/47 na 8/53 zenyewe, na karatasi ya Excel itafanya hivyo hivyo ukiandika:

```
=(32/47)*80+(15/47)*(-50)
=MAX(0,(8/53)*80+(45/53)*(-50))
```

Kazi ya `MAX` ni ule mraba wa pili: inachagua "acha" matokeo yakiwa mabaya.

Jaribio linashinda: milioni 12.1 dhidi ya 6. Soma namba hiyo kwa uangalifu. Haimaanishi kwamba mtapata milioni 12.1, kwa sababu hakuna tawi lenye kiasi hicho. Matawi halisi ya mpango wa jaribio ni matatu: uwezekano 0.32 wa kubaki na milioni 74, uwezekano 0.15 wa kupoteza milioni 56, na uwezekano 0.53 wa kupoteza milioni 6 na kurudi nyumbani. Kuzindua sasa kuna matawi mawili: 0.40 ya kupata milioni 90, na 0.60 ya kupoteza milioni 50. Kwa kikundi kilichoweka nyumba dhamana benki, tofauti kati ya 0.60 na 0.15 ya hasara kubwa ina uzito kuliko tofauti ya wastani. Wastani ni wa mwenye mtaji wa kurudia mchezo huu mara nyingi. Mwenye raundi moja aangalie tawi baya kwanza.

Namba ikisogea, uamuzi unabadilika wapi

Hakuna anayejua kwa uhakika kwamba ni 40, kwa hiyo swali lenye manufaa ni: mpaka wapi jibu linabaki lilelile? Badilisha namba moja, nyingine ziache zilivyo.

Uwezekano wa soko zuri ukishuka chini ya 24 katika 100, hata jaribio halilipi, acha. Ukiwa kati ya 24 na 50, jaribu kwanza. Ukipita 50, zindua sasa. Hili hurahisisha ubishi sana, kwani wenzako hawahitaji kukubaliana kati ya 35 na 42. Wanahitaji kukubaliana kama wako chini au juu ya 50.

Gharama ya jaribio inaweza kupanda mpaka wapi kabla ya kulingana na kuzindua sasa? Hapo ndipo wengi wanapochanganya. Thamani ya jaribio kabla ya kutoa gharama ni 18.1. Kuzindua sasa ni 6. Tofauti yake, milioni 12.1, ndiyo bei ya juu kabisa ya jaribio. Kwamba inafanana na jibu la juu ni bahati tu ya mfano huu, kwa sababu gharama ya jaribio na thamani ya kuzindua sasa zote ni 6.

Kuchelewa nako kuna mpaka. Faida ya soko zuri baada ya jaribio ikishuka kutoka 80 hadi takribani milioni 61, jaribio na kuzindua sasa vinalingana. Kwa lugha ya korosho: kama ghala litakuuzia kwa bei inayoongeza gharama ya chupa kwa karibu 1,450 badala ya 500, usingoje. Kama mnaweza kununua sehemu ya korosho Novemba na kuzihifadhi kavu, mpaka huu unasogea mbali.

Jaribio linapodanganya, hasa kusini

Namba 25, ya matokeo mazuri ya uongo, ndiyo dhaifu kuliko zote. Ikipanda hadi 45, wale 60 wanatoa "zuri" 27 badala ya 15, na hesabu inakuwa 25.6 toa 13.5 toa 6, yaani 6.1. Thamani ya jaribio imeyeyuka yote, mmebaki pale pale mlipoanza. Na mambo mawili huku kwetu huipandisha bila watu kuona.

La kwanza ni kalenda. Malipo ya korosho yanapoingia Masasi, Newala na Tandahimba, maduka huuza kila kitu. Chupa ya siagi iliyouzwa Desemba baada ya malipo haisemi kitu kuhusu Juni. Kama hamwezi kuukwepa msimu huo, andikeni mauzo ya siagi pamoja na mauzo ya bidhaa nyingine ya kupaka mkate katika duka hilohilo, kisha mlinganishe sehemu yake badala ya idadi ya chupa.

La pili ni mahali. Mtwara na Lindi kila nyumba ina mtu wa kukaanga korosho, kwa hiyo anayenunua siagi hapa ni mgeni, mtumishi aliyehamia au mtu anayetafuta zawadi ya kusafiri nayo. Kama maduka 75 kati ya 100 ya uzinduzi yatakuwa Dar es Salaam, basi maduka 7 kati ya 10 ya jaribio yawe huko. Basi litachukua katoni kila wiki. Nusu ya ile milioni 1.6 ya usafiri na nafasi ya rafuni iko humo.

Upande mwingine kuna "baya" la uongo, ambalo katika mfano huu hutokea mara 20 kati ya 100 za soko zuri. Sababu yake ya kawaida iko ndani ya chupa. Siagi ya korosho isiyo na kiungo cha kuishikilia hutenga mafuta, yanapanda juu, na mnunuzi anadhani imeharibika. Mashine ya kukodi inayosaga kwa chembe kubwa huongeza hali hiyo. Dalili yake kwenye daftari ni mauzo mazuri wiki mbili za kwanza, kisha kurudi kununua kunakuwa karibu sifuri, na chupa zinarudishwa dukani. Ukiona hivyo, hilo ni jaribio la mashine, si la soko. Lebo iandikwe "koroga kabla ya kula", kisha hesabu ianze upya kwa wiki zilizobaki, na ile 80 ishushwe kwenye mti kabla ya kuamini matokeo.

Matokeo yakija, rudi kwenye mraba wa pili na uangalie mpaka mliouwekea sahihi. Duka likiwa na wastani wa chupa 5.6 kwa wiki, masharti hayakutimia. Hapo ndipo mtu mmoja atasema karibu zimefika.